Safari ya Kreti ya Soda

Soda inayouzwa kwenye duka la mtaani Mbagala imepita mikono mingapi? Kiwanda kingemuuzia mnywaji moja kwa moja, kusingekuwa na ngazi yoyote ya kati. Kikiuzia supamaketi yenye ghala lake, ngazi ni moja, yaani muuzaji wa rejareja. Akisimama muuzaji wa jumla kati ya kiwanda na duka, ngazi zinakuwa mbili. Kwa nini basi kampuni ikubali kugawana faida na watu wote hao?

Jibu lilionekana Addis Ababa mwaka 1999, Coca-Cola ilipoanza kutumia vituo vidogo vya usambazaji vinavyomilikiwa na wafanyabiashara wa hapohapo mtaani. Mtindo huo ulifika Tanzania baadaye. Lori hushusha kreti kituoni, na kutoka hapo vijana huzisambaza kwa mikokoteni. Lori haliwezi kupenya vichochoro, na hata likipenya, mwenye duka hana mtaji wala nafasi ya kuweka kreti hamsini. Anataka mbili leo, kesho tatu. Kazi ya muuzaji wa jumla inaanzia hapo: kununua shehena kubwa, kuitunza, kuigawa mafungu madogo na kuifikisha mapema.

Mwenye duka naye huyapunguza mafungu hayo zaidi. Anafungua kreti, anapoza soda kwenye friji, anauza chupa mojamoja hadi usiku, na jirani asiye na hela anaandikwa kwenye daftari.

Tuchukue bei za mfano. Kreti ya chupa 24 inatoka kiwandani kwa shilingi 10,000, mwenye kituo anaiuza 10,600, na dukani kila chupa ni 500, jumla 12,000. Mwenye duka anabaki na 1,400 kwa kreti, mwenye kituo na 600 tu. Lakini duka likiuza kreti tatu kwa siku hupata 4,200, wakati kituo kikisambaza kreti 100 hupata 60,000, kabla ya kulipa wasukuma mikokoteni na kodi ya stoo. Wa jumla anaishi kwa wingi na kasi ya mzunguko. Wa rejareja anaishi kwa pengo la bei kwenye kila chupa, na umeme wa friji unalila pengo hilo.

Kampuni ikimwondoa mwenye kituo, ile 600 haibaki yote mkononi mwake, kwa kuwa stoo, vijana na mikokoteni vitakuwa gharama yake yenyewe.

Mnyororo huu hukwama zaidi kwenye chupa za kioo. Mwenye duka asiporudisha tupu hapewi zilizojaa, labda aweke amana. Wateja wakiondoka na chupa, mtaji wake unalala majumbani mwao. Dalili yake ni friji inayowaka ikiwa nusu tupu, huku kituo cha mtaa wa pili kimejaa kreti.