Kizazi Hakijachafuka, Yai Ndilo Lenye Umri

Swali ni lilelile, litoke Mamba Miamba, Hedaru au Usangi: "Daktari, mimba imetoka tena. Nitumie nini kusafisha kizazi?" Aliyeniuliza mara ya mwisho ni mama wa miaka 41 aliyeteremka mlimani kwa gari la alfajiri. Mkononi alishika chupa ya maji yenye rojo la tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini na mizizi ambayo hata jina lake hakuambiwa. Alikuwa ameinywa siku 21, kijiko asubuhi na kijiko jioni.

Mama huyu alizaa watoto wawili bila shida, mmoja akiwa na miaka 22 na wa pili akiwa na miaka 28. Kisha mume akaenda kutafuta maisha mjini, miaka ikapita, na aliporudi wakaanza upya. Mimba ya kwanza ilitoka akiwa na miaka 39, ya pili akiwa na 40, ya tatu mwaka huu. Zote tatu ziliishia wiki ya 8 au ya 9. Mama mkwe alisema kizazi kimechafuka, na muuza dawa gulioni akakubaliana naye kabla hata hajaulizwa umri wa mgonjwa.

Uchafu gani? Nimeuliza miaka yote hii na hakuna aliyewahi kunijibu. Ukuta wa ndani wa kizazi hubomoka na kutoka kila mwezi na damu ya hedhi, kisha hujengwa upya ndani ya siku chache. Ni kiungo kinachojifanya upya mara kwa mara. Na kitu unachokinywa huingia tumboni, humeng'enywa, hupita kwenye ini na damu. Hakiteremki kizazini kusugua kitu.

Nadhani kosa hili tumelisaidia sisi wenyewe wa hospitali, kwa neno moja. Mimba ikitoka nusu, mabaki ya kondo yakabaki ndani, tunayatoa kwa kuyavuta ili damu isizidi na vijidudu visiingie. Kazi hiyo tunaiita "kusafisha". Mwanamke anarudi nyumbani na maneno "nimesafishwa", na wote wanaomsikia wanaelewa kwamba ndani kulikuwa na taka zilizoitoa mimba. Ukweli ni kinyume chake: mimba ilikufa kwanza, mabaki yakafuata. Anayesafishwa mara moja kwa sababu hiyo amemaliza, hana deni la chupa wala mizizi.

Kama kizazi ndicho kingekuwa na kosa, kuna jaribio ambalo lingetuonyesha, nalo limekwisha kufanyika mara maelfu duniani. Katika matibabu ya kupandikiza mimba, mwanamke wa miaka 44 anaweza kupewa yai la msichana wa miaka 25, likarutubishwa kwa mbegu za mumewe na kuwekwa katika kizazi chake yeye. Kizazi ni kilekile cha miaka 44, na kama kina uchafu basi uchafu huo una miaka 44. Hata hivyo uwezekano wa mimba hiyo kutoka hufuata zaidi umri wa msichana aliyetoa yai kuliko umri wa aliyeibeba. Kilichobadilishwa ni yai peke yake, na matokeo yakabadilika. Mwenye chupa ya tangawizi hana jibu kwa hilo.

Sasa tuliangalie hilo yai. Mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na mbegu moja huchukua miezi miwili na kitu hadi kukamilika. Mwanamke hatengenezi yai jipya hata moja baada ya kuzaliwa. Mayai yake yote yaliumbwa alipokuwa bado tumboni mwa mama yake. Yai lililokuzaa wewe, kwa maana hiyo, liliumbwa ndani ya tumbo la bibi yako mzaa mama. Mama wa miaka 41 anapopevusha yai mwezi huu, yai hilo lina miaka 41 na miezi kadhaa ya ziada, na muda huo wote limekuwa likisubiri katikati ya kazi ambayo halijaimaliza.

Kazi yenyewe ni kugawa kromosomu. Seli zetu zina kromosomu 46, na yai linatakiwa kubaki na 23 ili baba alete 23 nyingine. Ndani ya yai linalosubiri, kila kromosomu imekwisha kunakiliwa, na nakala zake mbili zimeshikana kama doti ya kanga ambayo haijakatwa. Uzi unaozishika ni aina ya protini iitwayo kohesini. Uzi huo ulishonwa kabla mwenye yai hajazaliwa, na kwa kadiri tafiti zinavyoonyesha, haushonwi tena. Akiwa na miaka 25 bado ni imara. Kadiri anavyozidi kupita miaka 35, nyuzi zinalegea, na doti nyingine huachana kabla ya wakati wake. Ukifika muda wa kugawa, vipande havikai upande unaostahili: yai hubaki na kanga moja ya ziada au huikosa kabisa.

Yai la namna hiyo hurutubishwa vizuri tu. Hedhi hukosekana, kipimo cha mkojo huonyesha mistari miwili, kichefuchefu huja. Lakini maelekezo ya kujenga mtoto yamezidi au yamepungua, na mimba nyingi za aina hii husimama kati ya wiki ya 6 na ya 10. Ikizidi kromosomu ya 16, ambayo ndiyo huzidi mara nyingi kuliko nyingine katika mimba zinazotoka, mimba haifiki mbali. Ikizidi ya 21, nyingi hutoka pia, na zinazobaki huzaa mtoto mwenye hali ya Dauni. Kwa jumla, nusu au zaidi ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kosa la kromosomu, na kwa wanawake waliovuka miaka 40 sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Kubeba ndoo, kupanda mlima wa Vudee, kulala na mume, kutumia sindano ya uzazi wa mpango zamani: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohamisha kromosomu.

Watafiti wa Norwei walifuatilia mimba zaidi ya 420,000 za miaka ya 2009 hadi 2013. Kwa wenye miaka 25 hadi 29, mimba moja kati ya 10 ilitoka. Kwa wenye miaka 40 hadi 44 ilikuwa karibu moja kati ya 3, na kwa wenye miaka 45 na kuendelea zaidi ya nusu. Tumia hesabu hiyo kwa mama yetu. Wanawake 9 wa umri wake wakishika mimba mara mbili mbili, mmoja wao atazipoteza zote mbili kwa sababu ya umri tu, bila ugonjwa wowote. Kwa binti wa miaka 27 ingekuwa mmoja kati ya 100. Ndiyo maana mimba mbili zikimtoka binti wa miaka 27 mimi hutafuta ugonjwa kwa nguvu zaidi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini dawa ya gulioni ina mashahidi. Chukua wanawake 100 wa miaka 36 waliopoteza mimba moja, wape wote rojo, kisha washike mimba tena. Wengi wao mimba ingekaa hata kama wangekunywa maji ya bomba. Hao ndio wanaorudi na mtoto mgongoni kumshukuru muuzaji. Waliopoteza tena hawarudi, au wakirudi wanaambiwa dozi haikutosha.

Vidonge vya "kupevusha mayai" vinavyouzwa bila cheti navyo ni vilevile katika jambo hili. Klomifeni humsaidia mwanamke ambaye mayai yake hayatoki. Huyu wetu yalikuwa yakitoka, ndiyo maana alishika mimba mara tatu. Dawa ya kulitoa yai haishoni uzi uliolegea.

Kinachoniudhi zaidi ni muda. Siku 21 za chupa ya kwanza, siku 21 za kurudia, kisha "pumzisha kizazi mwaka mmoja". Kwa mwanamke wa miaka 24 mwaka huo hauna uzito mkubwa. Kwa huyu, kati ya miaka 41 na 42, ni sehemu kubwa ya nafasi aliyobakiwa nayo. Na wale wanaoingizwa dawa ukeni huja kwangu na vidonda na usaha, wengine mirija imeziba, na hapo ndipo kizazi kisichokuwa na kosa kinapopata kosa la kweli. Tangawizi ya Miamba ni nzuri kwenye chai na hupunguza kichefuchefu cha mimba. Iishie hapo.

Cha kufanya, kwa haraka. Kama una miaka 35 au zaidi na umetafuta mimba miezi 6 bila kupata, nenda kwa daktari. Ukiwa na 40, usingoje hata hiyo miezi 6. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Acha sigara na ugoro. Mimba ikitoka mapema na umepona, huna sababu ya kungoja mwaka; wengi wanaweza kujaribu tena hedhi ikisharudi na moyo ukiwa tayari. Mimba zikitoka mara mbili au zaidi, tupime sukari, tezi ya shingo, kaswende, damu inayoganda kupita kiasi na umbo la kizazi kwa ultrasaundi, kwa sababu umri hauzuii mtu kuwa na ugonjwa mwingine pia. Dalili kwamba tatizo si yai ni hizi: mimba inatoka baada ya mwezi wa tatu, chupa inapasuka mwezi wa tano bila uchungu, au kuna homa na maji yenye harufu. Hizo zinahitaji rufaa mapema, mathalani KCMC Moshi, kwa kuwa baadhi yake hutibika kabisa.

Kupandikiza mimba kwa mayai yako mwenyewe ukiwa na miaka 43 hakuyafanyi kuwa mapya. Kunaruhusu tu kuchagua, ikiwa kuna la kuchagua. Yai la kupewa ndilo linalobadilisha hesabu, lakini ni ghali, na waumini wengi, Waislamu na Wakatoliki hasa, watataka kuzungumza kwanza na viongozi wao. Hilo ni lao kuamua, mradi wasiamue wakidhani kuna chupa itakayofanya kazi hiyo.

Yule mama tulimpima. Tezi na sukari vilikuwa sawa, kaswende hana, kizazi kwenye ultrasaundi ni kizima. Nilimwambia kwamba mimba inayofuata inaweza kukaa na inaweza kutoka, na kwamba mimi sina dawa ya kulipunguzia yai miaka. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimpigie mama mkwe simu palepale, spika ikiwa wazi, nimweleze kuhusu kanga.