Pale Alama Zilipojificha

Katika mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari nchini Kongo, mwanafunzi wa Fizi huandika insha kwa Kifaransa. Mwalimu anayemwandaa vizuri hurudisha zoezi likiwa na jedwali la vigezo, kila kigezo na alama zake. Wengi hutazama jumla tu, kisha hufunga daftari.

Tumchukue msichana wa kubuni aliyekulia Bibokoboko, sasa anasoma Baraka. Ameandika juu ya barabara na maendeleo, akapata 9 kwa 20: kuelewa mada 4 kati ya 5, hoja na mifano 1 kati ya 6, mpangilio 1 kati ya 5, lugha 3 kati ya 4. Usiku huo ananakili insha upya, akisahihisha tahajia na kubadili maneno. Anapata 10. Hata angeandika Kifaransa kisicho na doa, asingepata zaidi, kwa kuwa kwenye lugha alikuwa amepungukiwa na alama moja tu. Nancy Sommers aliliona jambo hilo Marekani mwaka 1980: wanafunzi hurekebisha maneno, waandishi wazoefu hurekebisha hoja.

Mara ya pili anasoma safu ya hoja. Mwalimu ameandika "fafanua zaidi", maneno ambayo, kusema kweli, hayamsaidii mtu. Msichana anarefusha aya na alama hazisogei. Dalili ni rahisi kuiona: aya imeongezeka mistari minne, lakini ndani yake hamna jambo ambalo msomaji hakulijua. Anamfuata mwalimu, naye anamuuliza, "Mwanangu, nani anaumia barabara ikikosekana, na anaumiaje?"

Hapo anafuta "barabara ni muhimu sana kwa maendeleo". Anaandika kwamba mfugaji wa milimani huteremka Baraka kuuza ng'ombe badala ya maziwa, kwa sababu ng'ombe hujitembeza mwenyewe, maziwa huchacha njiani. Hoja inapanda hadi 4.

Umebaki mpangilio. Pembeni mwa kila aya anaandika kwa ufupi aya hiyo inasema nini. Aya ya pili na ya nne zinasema jambo lile lile, na ya tatu haisemi lolote. Anaunganisha mbili, anatupa moja, mpangilio unafika 4. Lakini lugha, iliyokuwa imefika 4 baada ya kunakili, inashuka hadi 2. Ni kawaida: sentensi mpya hazijapitiwa bado, na mwanafunzi asiyeambiwa hivyo hukimbilia rasimu ya zamani. Jumla ni 14, na tahajia ya sentensi hizo mpya bado haijaguswa.

Siku hizi mwalimu wake humpa maoni kwanza, alama baadaye. Mwaka 1988 Ruth Butler alionyesha, kwa wanafunzi wa Israeli, kwamba maoni yasiyo na alama yaliinua kazi iliyofuata, ila yakiambatana na alama faida hiyo ilipotea. Msichana hulalamika kidogo, kisha huanza na aya, kalamu nyekundu ya tahajia ikiwa bado mkobani.