Jambo jipya, barua mpya: wakati gani tusifinye Répondre

Tunataka kuzungumza nanyi, na zaidi ninyi viongozi wa kamati za wahami, juu ya kitu kinachoonekana kidogo: kichwa cha barua pepe, ule mstari unaoandikwa Objet kwenye skrini. Tunaanza na yaliyotupata sisi wenyewe katika kambi moja ya Ituri, mwezi wa tatu mwaka 2024.

Jumatatu tarehe 4, Mama Prezida wa kamati alituandikia barua yenye kichwa cha neno moja: "Maji". Robine mbili za bloku C zilikuwa hazitoi maji tangu siku iliyotangulia. Barua ilimfikia fundi wa maji, ikatufikia sisi, na katika nafasi ya Cc kulikuwa watu 11: wanakamati, sekretere wa chefu, na wafanyakazi wa mashirika mengine mawili. Fundi akauliza ni robine zipi, akajibiwa. Akauliza kama mlango wa tanki uko wazi, akajibiwa. Siku ya Jumatano maji yakatoka. Hadi hapo hakuna kosa. Barua sita, zote juu ya robine, zote chini ya kichwa "Re: Maji".

Alhamisi mwanakamati mmoja alitaka kutujulisha kwamba jamaa 43 waliofika wiki ile hawakuandikwa kwenye orodha ya ugawaji wa mabashe. Hakuwa na anwani yetu kichwani. Akafanya tunavyofanya wengi wetu: akafungua barua ya mwisho aliyoipata, akafinya Répondre à tous, akaandika habari yake. Kichwa kikabaki "Re: Maji". Orodha ilikuwa inafungwa Jumatatu tarehe 11. Sisi tulijua kwamba maji yamekwisha kutoka, kwa hiyo tulipoona "Re: Maji" tukadhani ni watu wanashukuru, hatukufungua. Tuliisoma Jumatano tarehe 13. Na yule anayeshughulika na orodha hakuwa kabisa kati ya wale waliopata barua. Jamaa 43 walingoja ugawaji uliofuata, na ilikuwa majira ya mvua.

Tulipokwenda kambini, Mama Prezida alituambia, "Wanangu, sisi tuliwaandikia. Hamukusoma?" Alikuwa na haki. Waliandika, na sisi hatukusoma. Tulikaa naye pamoja na kamati, tukafungua barua moja moja kwenye simu, tukatafuta ni wapi jambo lilipotea.

Tuliona kwamba kabla ya kufinya Répondre inafaa kujiuliza maswali matatu. Je, jambo ni lile lile? Je, anayepaswa kulitenda ni yule yule? Je, wanaoruhusiwa kulisoma ni wale wale? Kama moja tu kati ya hayo limebadilika, andika barua mpya kwa Nouveau message. Barua ya mabashe ilishindwa katika maswali mawili ya kwanza: si maji tena, na fundi hana kazi nayo. Lakini swali la fundi juu ya mlango wa tanki lilistahili kubaki palepale, kwa sababu jambo, mtendaji na wasomaji hawakubadilika. Si kila barua inahitaji kichwa kipya. Mtu akibadili kichwa kila anapojibu, habari moja inatawanyika sehemu tano na hakuna anayejua mwisho wake.

Wengi walituuliza, je, haitoshi kujibu na kubadili tu maneno ya kichwa? Wakati mwingine inatosha, wakati mwingine hapana, na sababu yake ni hii. Kila barua pepe ina namba yake ya pekee ambayo hatuioni, iitwayo Message-ID. Ukijibu, barua yako inabeba ndani yake namba ya ile unayoijibu, na kwa namba hizo kompyuta inajua barua zipi zifungwe pamoja. Gmail inaangalia namba, na inaangalia pia kichwa: ukibadili kichwa, inafungua mfuatano mpya. Thunderbird, ambayo maofisi kadhaa yanaitumia, inafuata namba, hivyo jibu lako lenye kichwa kipya linaweza kubaki limejificha chini ya barua ya zamani. Wewe kwenye simu yako unaona umefungua jambo jipya. Yule wa ofisini analiona ndani ya "Maji". Nouveau message haina namba ya mtu mwingine, kwa hiyo haina shida hiyo.

Kujibu na kubadili kichwa kunafaa mahali pamoja: jambo ni lile lile, lakini kichwa cha kwanza kilikuwa kibaya. "Maji" ni kichwa kibaya. Fundi anayehudumia kambi nne hupata "Maji" kutoka kila kambi. Hapo wa kwanza kujibu aandike hivi: "Bloku C: robine 2 hazitoi maji (zamani: Maji)". Lile neno la zamani katika mabano linawasaidia wengine wajue habari imetoka wapi, nalo huondolewa katika jibu linalofuata. Afanye hivyo mapema, mara moja tu. Katika Gmail ya kompyuta, finya mshale mdogo ulio kando ya jina la unayemjibu, kisha uchague Modifier l'objet. Kwenye simu, fungua jibu liwe pana mpaka mstari wa kichwa uonekane, kisha uufinye na kuandika.

Sasa kichwa chenyewe kiandikweje? Tuliifanya barua ya jamaa 43 kuwa zoezi la kamati. Kijana mmoja alipendekeza "Ombi la dharura". Tulimwuliza: ombi la nini, kutoka wapi, na mpaka lini? Mwingine akaandika "Habari za kambi kuhusu orodha ya ugawaji kwa jamaa wapya wa bloku F". Hicho kina kila kitu, lakini skrini ya simu inaonyesha maneno machache tu ya kwanza. Msomaji angeona "Habari za kambi kuhusu", basi. Baada ya kubishana kidogo tukafikia hiki:

"Bloku F: jamaa 43 hawamo kwenye orodha, kabla ya 11/3"

Mahali kwanza, kisha shida, kisha siku ya mwisho. Mtu anayepita haraka kati ya barua hamsini anajua bila kufungua kama ni kazi yake, na kama inaweza kungoja. Tena baada ya miezi miwili, ukiandika `subject:orodha` katika nafasi ya kutafutia ya Gmail, barua itatokea. Ingekuwa "Re: Maji", ungetafuta mpaka mega zako ziishe.

Barua mpya ina hasara yake: msomaji hana historia mbele yake. Kwa hiyo sentensi ya kwanza imweleze kwa ufupi: "Jamaa hawa walifika kati ya tarehe 3 na 6, wamelala katika kanisa, chefu amewahakiki." Kama habari ilikwisha kuanza katika mfuatano wa zamani, rudi kule uandike mstari mmoja: "Habari ya orodha tumeiandikia barua yake, yenye kichwa Bloku F." La sivyo wengine wataendelea kujibu kule.

Tumebakiza swali la tatu, la wanaoruhusiwa kusoma, na hili ndilo lililotuumiza zaidi. Jumamosi tarehe 16 kulitokea ugomvi kati ya vijana wa makabila mawili karibu na robine zile zile. Mtu mmoja wa kamati alituandikia nani alitisha nani, na jina la kijana aliyempa habari. Alijibu tena juu ya "Re: Maji", kwa wote. Aliamini anatuandikia sisi tu, kwa sababu jina letu ndilo lililoonekana juu. Yale mengine 11 yalikuwa yamefichwa nyuma ya mshale. Kabla ya jioni jina la yule kijana lilikuwa linatajwa kambini. Mama yake akampeleka alale kwa shangazi yake, nasi tulitumia karibu wiki mbili kukaa na wazee wa pande zote kabla hajarudi.

Jambo la usalama, la ushuhuda, au la mtu aliyetendewa ubaya lisiandikwe kamwe kama jibu. Nouveau message inaanza na nafasi ya À ikiwa tupu, na lazima uandike kila jina kwa mkono wako mwenyewe; hapo ndipo unapofikiri. Kichwa chake kisiseme kitu. Mtu mwingine anaweza kukisoma kwenye simu iliyolazwa mezani, hata kama imefungwa. "Tunaomba kuonana Jumatatu" kinatosha, na majina yangojee siku mtakapoonana.

Kuna pia maandishi ya zamani yanayofuata chini ya jibu. Gmail huyaficha nyuma ya vidoto vitatu, mtu akadhani hayapo. Yapo, na yanakwenda. Ukimwongeza mtu mpya katika mfuatano, anapata kila neno lililobaki chini. Finya vidoto hivyo uone, kisha ufute. Viambatanisho kwa kawaida haviendi na Répondre, lakini Transférer huvibeba, kwa hiyo orodha yenye majina ya watu inaweza kutoka kwa kidole kimoja.

Na kama barua imekwisha kwenda? Gmail inaonyesha neno Annuler kwa sekunde 5, ambazo katika mipangilio zinaweza kuongezwa hadi 30. Zikipita, hakuna kuirudisha. Usijibu kwa wote ukiomba waifute, maana chini ya ombi lako litakuwemo jina lile lile tena, na hata wasiokuwa wameisoma wataitafuta. Kwanza mwonye yule ambaye jina lake limetoka, kwa mguu au kwa simu. Kisha wapigie waliopata barua, mmoja mmoja.

Kamati ile sasa imebandika anwani zetu kwenye ukuta wa ofisi yao, kwa maandishi makubwa, kila moja na kazi yake: maji, orodha, ulinzi. Lilikuwa wazo la Mama Prezida. Alisema watu walikuwa wanajibu barua za zamani kwa sababu moja tu, ya kutafuta anwani.