Hisa zako ni 100,000 kwa skrini. Ukiuza leo utapata ngapi?

Umefungua programu ya dalali wako. Una hisa 5,000 za kampuni ndogo iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi, na bei ya mwisho ni shilingi 20. Hesabu ya haraka: 100,000. Karo ya muhula inatosha, sivyo?

Hebu tuangalie foleni ya wanunuzi. Wa kwanza anataka hisa 500 kwa shilingi 20. Anayefuata anataka 1,000 kwa 19.50, mwingine 1,500 kwa 19, na wa mwisho 2,000 kwa 18.20. Ukiwauzia wote, unapata 94,400. Shilingi 5,600 zimeyeyuka kabla hata ya ada ya dalali. Huu ni mfano wetu tu, lakini ndivyo soko lenye biashara chache linavyofanya kazi: bei unayoiona ni ya hisa chache zilizouzwa mwisho, wala si ya hisa zako zote.

Kwa nini wanunuzi ni wachache hivyo? Soko la New York lina kampuni zaidi ya 2,000. Nairobi, soko lililoanza 1954, lina kama 60 hivi. Kuingia sokoni kunahitaji mawakili, wakaguzi wa hesabu na kutangaza matokeo kila nusu mwaka. Gharama hizo hazipungui sana kwa sababu kampuni ni ndogo. Kampuni kubwa haizihisi, lakini ya familia inaona afadhali ikope benki, na siri za biashara zibaki nyumbani.

Hata kampuni ikiingia, hisa nyingi hazizunguki. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, asilimia 25 ndiyo iliyotolewa. Serikali ilibaki na 35, na Vodafone Kenya 40. Wenye hisa wakubwa wa aina hiyo hawauzi kila siku. Mifuko ya pensheni nayo hununua na kukaa nazo miaka, huku pesa nyingine ikienda kwenye hatifungani za serikali.

Hapo mduara unajifunga. Biashara ikiwa chache, mwekezaji mkubwa anaogopa kukwama, na mwenye kampuni anaona hatapata bei nzuri, basi naye haji.

Kwa hivyo kabla ya kununua, usiangalie bei peke yake. Angalia ni hisa ngapi zimeuzwa kwa siku, kwa wiki kadhaa. Kama ni 400 kwa siku na wewe unataka 5,000, kutoka kutachukua muda. Angalia pia pengo kati ya bei ya anayenunua na ya anayeuza. Likiwa pana, unaanza na hasara.

Ukiuza, weka bei ya chini unayoikubali, halafu uuze kidogo kidogo. Na pesa ya karo? Hiyo isikae kwenye hisa za aina hii.