Kuponi, pointi na kadi ya zawadi: gani zinaunganika, gani zinafukuzana?

Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia, kuko wakaaji wanaojaza kikapu kwenye duka la mtandaoni la Amerika, wanaandika adresi ya ndugu aliye kule, kiisha mzigo unatafutiwa njia ya kufika nyumbani. Kwenye ukurasa wa kulipa ndipo watu wengi wanakwama. Mtu iko na kode ya kuponi, iko na pointi alizopata kwa manunuzi ya zamani, na ndugu alimutumia kadi ya zawadi kwa WhatsApp. Anaandika zote tatu, moja inakubaliwa, ingine inakataliwa, na anafikiri duka limemuibia. Mara nyingi siyo wizi. Hivi vitu vitatu havina kazi moja.

Kisanduku kimoja, kazi mbili

Maduka mengi madogo ya Amerika na Ulaya yanatumia mfumo wa kampuni moja ya Kanada inayoitwa Shopify. Kwenye ukurasa wao wa kulipa, pembeni ao juu ya hesabu, kuko kisanduku kilichoandikwa "Discount code or gift card". Kama ukurasa uko kwa Kifaransa, tafuta maneno "réduction" na "carte-cadeau".

Kwa kuwa kisanduku ni kimoja, watu wanafikiri kuponi na kadi ya zawadi ni kitu kimoja. Hapana. Kuponi inapunguza bei. Kadi ya zawadi haipunguzi bei hata kidogo: ni pesa ambayo mtu alikwisha kulipa mbele, na wewe unaitumia kulipa deni. Ndiyo sababu kadi ya zawadi kwa kawaida haigombani na kuponi. Kuponi inafanya kazi yake kwanza, duka linaongeza usafirishaji na kodi, na kadi inakuja nyuma kukata kwenye jumla ya mwisho.

Hesabu ya kikapu kimoja

Chukua mfano wa mama wa Bukavu mwenye dada kule Lexington, katika jimbo la Kentucky, mji wenye Wakongomani wengi. Kikapu chake kina viatu viwili vya watoto, kila kimoja dola 40, na sakoshi moja ya dola 40. Jumla dola 120. Usafirishaji mpaka kwa dada ni dola 10. Kentucky inatoza kodi ya mauzo ya 6%, na usafirishaji pia unahesabiwa ndani. Bila punguzo lolote, angelipa dola 137,80.

Duka linatoa punguzo la 25% kwa viatu peke yake. Viatu vya dola 80 vinashuka mpaka 60, na kikapu kinakuwa dola 100. Mama iko pia na kode ya 10% kwa kikapu kizima, na hili duka linaruhusu ziende pamoja. Hapa wengi wanakosea: wanajumlisha 25 na 10 wanasema watapunguziwa 35%. Mfumo haufanyi hivyo. Unaanza na punguzo la kitu, kiisha punguzo la kikapu linahesabiwa juu ya kilichobaki. 10% ya dola 100 ni dola 10. Zinabaki 90.

Ongeza usafirishaji wa dola 10, inakuwa 100. Kodi ya 6% ni dola 6, jumla 106. Sasa kadi ya zawadi ya dola 50 inaingia, na mama anabaki na deni la dola 56, ambalo analipa kwa kadi yake ya banki. Angalia kodi: kuponi iliishusha, kwa sababu bei yenyewe ilishuka. Kadi ya zawadi haikuigusa.

Kwa nini kode ingine inakataliwa

Mfumo unagawa mapunguzo kwa aina tatu: la kitu fulani, la kikapu kizima, na la usafirishaji. Mwenye duka ndiye anaamua gani inaweza kukaa pamoja na gani. Kama hakuruhusu, mteja hawezi kulazimisha, hata akibadilisha mpangilio wa kuandika. Mfumo unaacha zile zinazomsaidia mteja zaidi na unaondoa zingine, kiisha unatoa ujumbe kwamba kode haiwezi kutumika pamoja na punguzo lililokwisha kuingia. Huo ujumbe hausemi kwamba kode ni ya uongo. Kode iliyokufa ao iliyoandikwa vibaya inapewa jibu lingine, kwamba siyo halali.

Pointi ndizo zinadanganya watu

Kwenye maduka mengi ya namna hii, pointi hazikatwi moja kwa moja kwenye bei. Unabonyeza kubadilisha, kwa mfano pointi 500, na unapewa kode ya dola 5. Ile kode sasa ni kuponi sawa na zingine, na mara nyingi ni ya aina ya kikapu kizima.

Rudi kwa mama wetu. Kama duka halikubali kode mbili za kikapu kizima, ile ya dola 5 itagongana na ile ya 10%, na moja tu itabaki, ile inayokata dola 10. Lakini pointi 500 zimekwisha kutoka kwenye konti yake siku alipobonyeza. Hazijapotea bado, kwa sababu ile kode haijatumika na anaweza kuiweka kwa manunuzi mengine. Lakini kama iko na tarehe ya mwisho na haitumii mbele, imekwenda. Kama duka linaruhusu zote mbili, kikapu kinashuka mpaka 85, na jumla pamoja na usafirishaji na kodi inakuwa dola 100,70. Kadi ikitoa 50, anabaki na 50,70.

Kwa hiyo pointi zinabadilishwa nyuma, kiisha kusoma masharti ya duka, siyo mbele. Kama masharti hayasemi kitu juu ya kuunganisha, barua fupi kwa duka kabla ya kubonyeza inaokoa pointi.

Kode ya kadi haionyeshwi watu

Kuponi inaweza kutumwa kwa kundi la WhatsApp na watu mia wakaitumia. Kadi ya zawadi siyo hivyo. Kode yake, kwa kawaida herufi na namba 16, ni sawa na noti mkononi: anayeiandika wa kwanza ndiye anakula. Kumpa komisioneri picha ya kadi ni kumpa pesa. Akisema "kode haikupita", muombe picha ya hesabu ya mwisho. Kadi ikiingia, inaonekana kwenye mstari wake na namba zake nne za mwisho. Na kama manunuzi yalikuwa ya dola 30 na kadi ni ya 50, dola 20 zinabaki ndani ya kadi, na zinafaa kwa lile duka peke yake.

Mwisho kabisa, kabla ya "Pay now", soma mistari toka juu mpaka chini: "Subtotal", punguzo, "Shipping", kodi, kadi, "Total". Mama wa Bukavu asipoona 56 pale chini, asibonyeze. Atafute kwanza mstari uliokosekana.