Gari Lisilo na Uzito

Mwaka 1974 jarida la magari la Marekani, Motor Trend, lilichapisha vipimo vya magari 32 ya matoleo ya 1973 na 1974. Jedwali lililotokana na vipimo hivyo limo hadi leo ndani ya R, programu inayotumiwa sana na wanatakwimu, chini ya jina `mtcars`. Limefundishiwa mpaka limechosha, lakini linafaa bado, maana ndani yake kuna magari tunayoyajua. Toyota Corolla imo, na ndiyo inayobana mafuta kuliko zote: maili 33.9 kwa galoni ya Kimarekani, yaani kama kilomita 14 kwa lita. Mkiani wamo wanene wawili, Cadillac Fleetwood na Lincoln Continental, kila moja maili 10.4.

Swali la kawaida ni hili: ulaji wa mafuta unategemea nini zaidi, uzito wa gari au nguvu ya injini? Ukiiomba R itafute mlinganyo mnyoofu unaoyakaribia magari yote 32, inakupa huu:

```
mpg = 37.23 - 3.88*wt - 0.032*hp
```

Hapo `mpg` ni maili kwa galoni, `wt` ni uzito kwa maelfu ya ratili, na `hp` ni nguvu za farasi. Namba inayozidisha kila kipimo huitwa kizigeu. Kizigeu cha uzito kinasema kwamba, kati ya magari mawili yenye nguvu sawa, lililo zito kwa ratili elfu moja zaidi linatarajiwa kupungukiwa na karibu maili 3.9 kwa kila galoni. Namba inayosimama peke yake mwanzoni, 37.23, tuiite kianzio. Nayo inasema nini? Inasema ni maili ngapi zitakwenda na gari ambalo `wt` yake ni sifuri na `hp` yake ni sifuri: gari lisilo na uzito wala injini.

Hesabu haijakosea. Mlinganyo lazima uanzie mahali fulani, nao umeanzia penye sifuri ya kila kipimo. Tatizo ni kwamba sifuri hiyo iko mbali na gari lolote. Jepesi kuliko yote katika jedwali, Lotus Europa, lina ratili 1,513, na dhaifu kuliko yote, Honda Civic, lina nguvu za farasi 52. Kwa hiyo 37.23 ni namba ya kuendeshea hesabu tu. Ukiiweka kwenye ripoti na kuanza kuifafanua, msomaji makini atakuuliza umeliona wapi gari hilo.

Dawa yake ni nyepesi mno. Tunaihamisha sifuri. Uzito wa wastani wa magari haya ni ratili 3,217, na nguvu ya wastani ni farasi 147. Kutoka kwa kila gari tunaondoa wastani huo, kisha tunarudia hesabu:

```
mtcars$wt_c <- mtcars$wt - mean(mtcars$wt)
mtcars$hp_c <- mtcars$hp - mean(mtcars$hp)
lm(mpg ~ wt_c + hp_c, data = mtcars)
```

Sasa sifuri katika safu ya uzito haimaanishi tena gari lisilo na uzito, bali gari lenye uzito wa wastani. Magari mazito kuliko hapo yana namba chanya, mepesi yana namba hasi. Matokeo yake, vizigeu viwili vimebaki vilevile, -3.88 na -0.032, bila kutikisika hata nukta. Makadirio ya kila gari ni yaleyale, na sehemu ya tofauti ya ulaji wa mafuta inayoelezwa na mlinganyo imebaki karibu asilimia 83. Kilichobadilika ni kianzio peke yake: kimekuwa 20.09. Hii ni ahadi ya gari la kawaida katika kundi hili, na kwa kweli ndiyo wastani wa `mpg` wa magari yote 32. Ni namba unayoweza kumwambia fundi gereji naye akaielewa.

Kuna faida ya pili ambayo wengi huipita bila kuiona. R huandika pembeni ya kila namba kosa lake la kukadiria, yaani kiasi ambacho namba hiyo ingeyumba kama tungechukua magari mengine ya aina hii. Kosa la kianzio cha kwanza lilikuwa 1.60, la kianzio kipya ni 0.46. Hatukuongeza hata gari moja. Tofauti ni kwamba mwanzo tulikuwa tunakisia mahali pasipo na gari, na kila mtikisiko mdogo wa mteremko ulifika kule umekuwa mkubwa. Sasa tunakisia katikati ya magari yenyewe.

Tena si lazima sifuri iwekwe kwenye wastani. Ukipenda gari la ratili 3,000 na farasi 150, ondoa namba hizo badala ya wastani. Kianzio kitakuwa 20.83 na kitahusu gari hilo. Mimi napendelea namba za mviringo kama hizo panapokuwa na sababu, kwa kuwa wastani wa jedwali moja haumwambii chochote mtu mwenye jedwali jingine.

Hadi hapa kianzio kimepata maana, lakini swali letu halijajibiwa. Uzito una kizigeu cha 3.88, nguvu ina 0.032, zote zikiwa hasi. Mtu mwenye haraka atasema uzito ni muhimu mara 120. Basi tupime uzito kwa kilo, kama sisi tunavyopima. Ratili elfu moja ni takriban kilo 454, kwa hiyo kizigeu cha uzito kinakuwa -0.0085 kwa kila kilo. Ghafla nguvu ya injini, yenye 0.032, imeushinda uzito karibu mara nne. Magari ni yaleyale na mafuta ni yaleyale. Tumebadilisha mizani tu. Kwa hiyo hatukuwahi kulinganisha uzito na nguvu. Tulikuwa tunalinganisha ratili elfu moja na farasi mmoja.

Ili ulinganifu uwe na maana kidogo, kila kipimo kipewe hatua inayotokana na magari yenyewe. Hatua hiyo ni mchepuko sanifu, ambao kwa maneno mepesi ni umbali wa kawaida wa gari moja kutoka kwenye wastani. Kwa uzito ni ratili 978. Kwa nguvu ni farasi 68.6. Baada ya kuondoa wastani tunagawanya kwa mchepuko huo, na hii ndiyo kusanifisha. Amri ya R ni `scale()`. Vizigeu vinakuwa -3.79 kwa uzito na -2.18 kwa nguvu, na ukipima kwa kilo, ratili au tani, namba hizi hazibadiliki.

Sasa twaweza kusema: katika magari haya, kupanda hatua moja ya kawaida ya uzito huenda pamoja na kupoteza maili 3.8 kwa galoni, na hatua moja ya kawaida ya nguvu huenda na kupoteza 2.2. Uzito unaongoza, lakini nguvu haiko mbali. Jibu hili ni tofauti kabisa na lile la mara 120, na pia na lile la mara nne kinyume.

Lakini tahadhari ipo, nayo iko kwenye maneno “katika magari haya”. Mchepuko wa ratili 978 umetokana na orodha inayochanganya Lotus na Lincoln. Chukua orodha nyingine ambayo magari yake yanakaribiana uzito, mchepuko ukiwa ratili 300 tu, huku mlinganyo wa kweli na mtawanyiko wa nguvu vikibaki kama vilivyo. Kizigeu cha uzito kilichosanifishwa kitashuka hadi kama -1.16, na nguvu itaonekana kuongoza. Si kwamba uzito umeacha kula mafuta, umeacha kutofautiana. Ndiyo maana sipendi kuona vizigeu vilivyosanifishwa vya orodha mbili vikiwekwa ubavuni kwa ubavu. Na safu ya ndiyo au hapana, kama ile inayoonyesha gia za mkono kwa 1 na otomatiki kwa 0, heri iachwe ilivyo: tofauti kati ya 0 na 1 inaeleweka, wakati nusu ya gia za mkono haieleweki.

Mahali ambapo kuhamisha sifuri huokoa watu kweli ni pale kipimo kimoja kinapobadilisha athari ya kingine. Tuseme tunataka mlinganyo uruhusu uzito uwe na athari tofauti kwa injini dhaifu na injini kali. Tunaongeza safu ya uzito ukizidishwa kwa nguvu. Bila kuhamisha sifuri, kizigeu cha uzito kinaruka kutoka -3.88 hadi -8.22. Hapo mtu hushtuka na kuandika kwamba athari ya uzito imezidi maradufu. La hasha. Katika mlinganyo huu, -8.22 ni athari ya uzito kwa gari ambalo nguvu yake ni sifuri, yaani lile gari la kimzimu tena. Hamisha sifuri kwenye wastani kabla ya kuzidisha, na kizigeu kinakuwa -4.13: athari ya uzito kwa gari lenye farasi 147. Kizigeu cha safu ya kuzidisha, 0.028, ni kilekile katika milinganyo yote miwili, na makadirio hayakubadilika kwa gari lolote. Wapo wanaodai kwamba kwa kufanya hivi wametibu uhusiano kati ya uzito na nguvu. Hawajautibu, magari mazito bado yana injini kali, na uwiano wao ni 0.66 kabla na baada.

Kosa ninaloliona zaidi linatokea siku magari mapya yanapoletwa. Corolla ina ratili 1,835 na farasi 65. Kwa wastani na michepuko ya jedwali letu inakuwa -1.41 na -1.19, na mlinganyo unaikadiria maili 28. Sasa chukua Corolla, Civic na Fiat 128 kama kundi jipya, kisha uyasanifishe kwa wastani na michepuko ya hayo matatu yenyewe. Corolla, ikiwa katikati ya wadogo wenzake, inageuka gari la kawaida, na makadirio yake yanaanguka chini ya maili 20, ilhali kipimo chake halisi ni 33.9. R haitakupa onyo lolote. Dalili ni moja: tafuta wastani wa makadirio ya kundi zima. Ukileta baiskeli za mota utapata 20.09, ukileta malori ya mchanga utapata 20.09 hiyohiyo.