Mzazi wa amri na mzazi wa maelezo

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Berkeley, California, alitofautisha mzazi wa amri tupu na mzazi mwenye msimamo anayesikiliza. Wa kwanza husema, “Zima televisheni, nimesema!” Wa pili naye huizima, ila humweleza mtoto kwamba kesho kuna shule. Watoto wa huyu wa pili walionekana kujiamini na kujitawala zaidi.

Je, ni hivyo kila mahali? Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwemo, kuhusu adhabu ya kuchapa. Palipozoeleka kuchapa, uhusiano wake na ugomvi na wasiwasi wa watoto ulikuwa hafifu zaidi. Lakini haukutoweka, na hilo ni zito. Utafiti wa aina hii, hata hivyo, hauonyeshi kipi kilitangulia: huenda mtoto mgomvi ndiye anayechapwa zaidi.